Barua Niliyoiomba kwa Mistari Miwili

Nilifika Mwanza kwa treni kutoka Dar, na Tabora tulikaa nusu siku tukisubiri mabehewa yatenganishwe. Nilipata kazi ya kutunza stoo ya vipuri katika kiwanda cha kuchambua pamba, nikidhani nimefika. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, tukapunguzwa.

Kazi zilizobaki zilikuwa za sangara, samaki wa ziwani. Kiwanda kimoja cha minofu kilitafuta mtunza stoo wa tawi lake jipya la Musoma, nao walitaka barua ya mtu aliyenisimamia, isizidi Ijumaa. Meneja wangu wa zamani alikuwa amestaafu kwao kisiwani, Nansio. Nikampa baharia wa meli kikaratasi ampelekee: "Shikamoo Mzee. Naomba barua ya udhamini. Kijana wako wa zamani." Na jina langu. Sisi tulilelewa hivyo: ukimwomba mkubwa, hujisifu, yeye ndiye anayekufahamu.

Jumatano baharia alinirudishia kikaratasi kilekile. Nyuma Mzee alikuwa ameandika, "Kijana yupi? Udhamini wa nini, mahakamani au wa kuoa?"

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilipanda meli, na njia nzima nilihesabu moyoni waliopita chini ya mkono wake: mafundi, wapimaji, makarani. Kwa nini anikumbuke mimi?

Nilimkuta shambani akipalilia mihogo. Sura aliikumbuka, kazi hakuikumbuka.

"Nikiandika kwamba nakufahamu na una tabia njema, hiyo ni barua ya balozi wa nyumba kumi," alisema. "Wanataka ufanye nini huko?"

Nikamweleza: stoo, vipuri vya mitambo ya barafu.

"Na kwangu ulifanya nini?"

Nilianza kusema nilijitahidi. Akanikatiza: "Kila mtu alijitahidi, bwana. Hata waliolala."

Meli ya kurudi ilikuwa inakaribia kuondoka. Nikamwambia lile nililoogopa kulisema: kwamba msimu mmoja alimtuma dereva achukue mikanda ya mashine bila hati, nami nikakataa kuitoa mpaka aweke sahihi mwenyewe.

Aliweka jembe chini.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilitaka kukufukuza."

Hakucheka. Aliingia ndani akakaa humo hata nikasikia honi ya kwanza. Alitoka na bahasha iliyobandikwa, nami sikuthubutu kuuliza ameandika nini.

Ijumaa, ofisa wa ajira aliisoma mbele yangu, akarudi juu, akasoma tena.

"Anasema ulimkatalia yeye mwenyewe. Ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

"Musoma hatutakuwa karibu nawe kukuchunga," alisema. "Jumatatu uwe umeripoti."

Jumapili nikapanda basi, godoro langu likiwa limefungwa juu ya paa. Sikurudi kuishi Mwanza tena.