Saa Iliyopelekwa Adama Kupunguzwa Uvimbe

Mzee Demissew, ambaye wote humwita Gashe kwa heshima, alifundisha jiografia Addis Ababa miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu hakuna aliyethubutu kumwambia kuna jambo asilolijua. Basi saa yake ya mkononi ilipoanza kuvimba, hakumuuliza mtu.

Saa hiyo aliletewa na bintiye Fikirte, anayeishi Washington. Ilihesabu hatua, ikapima mapigo ya moyo, na simu ikayatuma yote Marekani. Kila asubuhi Fikirte aliandika ujumbe uleule: "Nimeona moyo wako, Baba. Uko vizuri." Basi, imetoka hiyo, miaka miwili mizima. Lakini mzee mjane hakuwa na kingine cha kumshikilia mwanawe, na siku saa ikinyamaza, aliogopa, Fikirte angemsahau kabisa.

Dalili zilikuwepo. Zamani saa ilikaa siku mbili bila chaji. Sasa ikifika adhuhuri iko chali. Ukifungua sehemu ya afya ya betri, unaona asilimia sitini na nne.

"Mimi mwenyewe sifiki asilimia sitini na nne," alijigamba kwa wenzake wa matembezi, "na mlima Entoto napanda!"

Kisha kioo kikainuka upande mmoja, mwanga ukawa unachungulia ufani. Kitufe kikawa kigumu. Ikichajiwa, inachoma mkono. Hapo mwalimu akacheka kwa furaha ya mtu aliyepata swali analolijua. Si pakiti za biskuti kutoka Djibouti hufika Addis zimetuna kama shavu la mpiga tarumbeta? Hewa ya huku juu ni nyepesi! Saa ilifungwa kiwandani, pwani huko. Dawa yake ni kuishusha.

Akapanda basi hadi Adama, zaidi ya mita mia sita chini. Akakodi chumba, akailaza saa dirishani juani ipumue vizuri, akaagiza kahawa na kungoja sayansi ifanye kazi. Jioni kioo kilikuwa kimebanduka nusu nzima, na saa imezimika jumla. Mzee wa watu akaona aibu hata kumtazama mhudumu.

Kesho yake alikuwa amerudi Addis, soko la Merkato, kwenye kibanda cha fundi Hirut, amebeba saa kwenye leso.

"Ibonyeze tu irudi chini," alisema. "Au itoboe kidogo, hewa itoke."

"Ee, Gashe! Nitoboe tuungue sote?" Hirut aliipokea taratibu, akaiweka ndani ya kopo la mchanga mkavu. "Usiibonyeze, usiichaji, usiivae. Hii si hewa ya nje. Betri ikichakaa inatengeneza gesi humohumo ndani yake. Uliiweka wapi jana?"

"Mahali... penye jua."

"Jua!"

"Adama."

"Ulienda Adama kufanya nini?"

Mwalimu akaeleza habari ya biskuti. Fundi akajiuma mdomo, akashindwa, akaangua kicheko hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia vioo.

"Biskuti zina haki, Gashe. Saa haina. Joto ndilo limeimaliza." Akaigeuzageuza mchangani. "Ila fremu haijapinda, kioo hakijapasuka, na bado inapokea masasisho. Kuitupa ni dhambi. Naagiza betri halali, siku kumi. Tutabandika gundi mpya, lakini usioge nayo tena, maji siyadhamini. Ama uchukue mpya, leo leo."

"Mpya! Leo!" Siku kumi bila moyo wake kuonekana Washington? Hata! Alikwisha kuivaa mpya mkononi simu ilipolia.

"Baba!" Fikirte alikuwa analia. "Moyo wako umepotea tangu jana! Uko wapi? Umekula?"

"Nimekula shiro, mwanangu. Usilie. Ni saa tu imekufa."

Akamsimulia ya Adama. Kilio kikageuka kicheko, kicheko kikazaa maswali: magoti je, yule jirani mgomvi je, paa bado linavuja? Miaka miwili alikuwa anasomwa namba; leo anaulizwa habari. Akavuta kigoda akakaa. Wateja wawili walihudumiwa wakaondoka, yeye bado anaeleza habari za paa.

"Nitakupigia tena jioni," Fikirte alisema, "na kesho, na kila siku, mpaka saa ipone. Vinginevyo nitajuaje kama uko hai?"

Gashe Demissew alikata simu. Kisha akaifungua ile saa mpya mkononi, akairudisha ndani ya boksi lake na kulifunga kifuniko.

"Agiza betri," alisema.

"Vizuri, Gashe. Nikiwasukuma wauzaji, siku nane tu."

"Hirut, binti yangu," akamsihi, macho yamejaa maji, "usiwasukume."