Bei ya Mchele Ng'ambo ya Lualaba

Wakati wa vita nilikuwa ninaandika bei za vyakula katika masoko matatu ya Kindu, kila juma. Juma la nne la mwezi, soko la ng'ambo ya mto lilichomwa. Mama aliyekuwa ananitajia bei ya mchele alifia pale. Kwenye jedwali niliandika sifuri.

“Hapana, ndugu,” mukubwa wangu wa kazi alisema. “Sifuri itashusha wastani. Acha wazi, gawanya kwa majuma matatu.”

Nilijumlisha mia nne, mia tano na mia sita, nikagawanya kwa tatu: faranga mia tano. Masoko mengine yalipita mia saba. Basi kwenye ripoti ya mwezi, penye soko la mchele wa bei ya chini kabisa, niliandika: ng'ambo.

Sikulia. Niliendelea na muhogo.