Onyo Lililokosa Nafasi

Dawa ya kunyunyizia mahindi ilinitoa jicho moja kule Nyansiongo. Walionikosea ni wawili: afisa wa kilimo, na fundi wa kompyuta wa duka la kuchapisha hapa Kisii mjini. Karatasi yao ya maelezo ya dawa hiyo waliipanga kwanza kwa Kiingereza, kisha wakamimina Ekegusii, lugha yetu, kwenye kisanduku kilekile. Maneno yetu ni marefu. Kisanduku kikajaa, na onyo la mwisho, la kuvaa miwani, halikuchapishwa.

Juzi wakaniita niisome karatasi mpya kabla haijachapishwa. Nikailinganisha na ya Kiingereza. Onyo lilikosekana tena!

"Tulia mzee, napunguza herufi," fundi akasema. Zikawa kama mayai ya chawa.

"Nani atasoma hizi?" nikamuuliza. "Toa hii picha ya afisa anayecheka."

Afisa mwenyewe alikuwa nyuma yetu. "Hiyo ibaki, ndugu yangu."

Nikavua miwani yangu nyeusi, nikamgeuzia uso. Akatazama sakafu.

"Ipunguze," akamwambia fundi.

Kisanduku kikarefushwa, onyo likaingia lote. Picha nayo imebaki, ndogo, na bado anacheka.