Macho Yangu Ubaoni

Habari ya macho yangu nilimwambia mtu mmoja tu, rafiki ninayesali naye bega kwa bega tangu ujana. Nilimweleza tukirudi kutoka swala ya alfajiri: jicho la kulia lina ukungu, na tarehe kwenye pakiti za dawa nazisoma kwa kukisia. Mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa ghala la dawa katika zahanati ya msikiti wetu hapa Mangobo.

Wiki hiyohiyo kamati, mimi na rafiki yangu tukiwamo, ilikaa kutafuta hatari zinazoikabili zahanati. Tulianza na orodha ya maswali ya kawaida: moto, wizi, mvua. Macho hayakuwamo. Kisha mwezeshaji, binti aliyesomea kazi hiyo, akataka kila mtu ataje linalomjia, na asipingwe.

“Macho ya papa wa ghala,” akasema rafiki yangu. Huku kwetu kila mzee huitwa papa, na wa ghala ni mimi.

“Bon, hiyo iko sababu tu, papa,” binti akamjibu. “Nini inaweza kutokea? Na italeta nini?”

Rafiki yangu akasimama, akaandika ubaoni bila kunitazama: Kwa kuwa mtunza ghala haoni vizuri, huenda akatoa dawa iliyoisha muda wake, na mgonjwa akadhurika.

Nilitafuta kosa katika sentensi ile, sikulipata. Nikauweka ufunguo mezani.

Namshukuru Mungu hakuna aliyedhurika. Lakini alfajiri ile njiani tulikuwa wawili tu, na angeweza kuniambia palepale niuache ufunguo. Bado tunasali bega kwa bega. Kurudi nyumbani, napita njia nyingine.