Kadzo Alipotimiza Kumi na Miwili

Siku niliyomwona Mbodze kwanza, alikuja Ukunda kukata tiketi za basi la Nairobi, ambako binti yake alikuwa mahututi. Mjukuu wake, Kadzo, alilipiwa nusu nauli, ya walio chini ya miaka kumi na miwili.

Siku ya safari karani alisoma cheti cha kuzaliwa.

“Bibi, jana katimiza kumi na miwili. Twahesabu umri wa siku ya kusafiri, si wa siku ya kukata tiketi. Ongeza nusu.”

Hakuwa na kitu. Akaomba tiketi yake mwenyewe iandikwe jina la Kadzo. Mimi, mpakiaji, nilikuwa nimekwisha kupakia mizigo.

“Shusha begi langu, baba,” aliniambia. “Juzi alikuwa mtoto. Leo ndiye mtu mzima wa kumuuguza mamake.”