Majani ya Viazi Yaliyonibakiza Goziba

Mwaka 2011, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, mnyauko uliingia shambani kwangu Izimbya. Ukikata mgomba unatoa utomvu wa njano kama usaha. Ndizi kwa nje nzima, ndani zimeoza. Tukaambiwa tung'oe yote na tuiache ardhi ipumzike. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Ndugu zake walikuja, wakatafuna kahawa zangu za kukaribishia wageni, wakasema pole, wakaondoka. Shule mimi nimeishia darasa la tatu, lakini mikono ninayo. Nikashuka Muleba, nikapanda boti kwenda kisiwa cha Goziba kuwapikia wavuvi.

Kambi yetu ilikuwa na wanaume kumi na wawili, na mwenye mitumbwi tuliyemwita tajiri. Kazi yangu ilikuwa ugali na mboga, mchana na jioni. Samaki hawakukosekana. Majani ndiyo yalikuwa shida. Kabichi na sukuma wiki vililetwa na boti ya Jumamosi kutoka ng'ambo, nchi kavu, na boti hiyo injini yake iliharibika, wiki mbili haikuja. Wiki mbili ni ugali na dagaa, dagaa na ugali. Niseme wazi, mimi si mtu wa kuzungushazungusha: wanaume walikuwa hawapati choo. Walikasirika hovyo, na hasira yote ikaishia jikoni kwangu.

Nyuma ya jiko nilikuwa na matuta manne ya viazi vitamu. Nilipofika tu nilipanda marando niliyotoka nayo Muleba, yale mashina yanayotambaa, nikitegemea kuchimba viazi. Siku moja mvuvi mmoja wa Kigoma, mdomo wake mkubwa kuliko wote pale, akaniambia, "Mama, majani si hayo hapo? Kwetu tunakula."

Nikamcheka. Kwetu Izimbya marando yanaliwa na mbuzi na sungura. Mgeni akija unampa ndizi na maharage, na ukimwekea majani ya viazi anajua unamfukuza. Lakini kesho yake, wengine nao walipoanza kunung'unika, nikasema basi, ngoja niwape hicho wanachokitaka.

Nikafanya kama sisi Wahaya tunavyofanya kwa marando. Nikachukua mundu nikafyeka, mashina na majani makubwa magumu na yale ya chini yenye udongo, yote pamoja, kama vile nalisha mbuzi. Nikakatakata, nikatia kwenye sufuria ya maji mengi, nikafunika vizuri na kuacha yachemke mpaka ugali uive, maana kwetu chakula kisichokaa motoni muda mrefu hakijaiva. Nilipofunua, ndani mlikuwa na uteute mweusi unaovutika kama kamasi, na vijiti vikielea juu.

Yule wa Kigoma akainua kijiko, uteute ukafuata.

"Mama, huyu mbuzi wako anakula saa ngapi?" akasema. "Mwite, chakula chake tayari."

Wakacheka wote. Mwingine akatema kamba za shina chini. Tajiri hakucheka. Akasukuma sahani yake, akaniambia kwa upole, na huo upole ndio uliniuma, "Mama, nimepiga simu. Boti imeshatengenezwa, inakuja Jumamosi. Kuna mama mwingine anatafuta kazi, nitamwambia apande. Wewe utarudi nayo."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kurudi wapi? Shamba limelala na mimi sina ndizi ya kupanda wala ya kula.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa mwanamke mmoja mnunuzi wa dagaa, mtu wa Morogoro, alikuwa anageuza dagaa zake mchangani. Nilikuwa namdharau kidogo kwa sababu ya domo lake. Nikameza kiburi, nikamweleza yote.

"Ulichuma au ulifyeka?" akaniuliza.

"Nilifyeka."

"Kwa mundu?"

"Kwa mundu."

Akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada yangu! Wewe uliwapikia kamba ya kufungia mtumbwi. Hayo kwetu yanaitwa matembele, watu wanayalima kwa ajili ya majani tu, viazi hata hawavihitaji. Mtu mzima hujui?"

"Sijui," nikasema. "Nifundishe au niache niende."

Akanifundisha. Tukasimama kwenye matuta yangu. Shina unalishika kwenye ncha, pale linapovunjika lenyewe bila kulazimishwa. Unachukua ncha hiyo na majani machanga ya karibu yake. Jani gumu lililokomaa liache. Kikonyo cha jani unakivunja kidogo juu na kuvuta, ngozi yake inatoka kama uzi. Ndiyo ile kamba waliyotema. Na usivue tuta moja lote, chuma hapa kidogo na pale kidogo, la sivyo kiazi chini hakikui.

Ijumaa nilichuma mapema. Nikaosha maji matatu mpaka mchanga ukaisha, nikatandaza kwenye ungo juani. Hapo nikamuuliza yule wa Morogoro, aliyekuja kunisimamia, kama hajakosea, maana majani yalikuwa yananyauka mbele ya macho yangu. Akasema, "Yaache yalegee. Jua ndilo linapunguza ule uteute." Saa moja hivi, labda na nusu. Yakawa laini, nikayakata. Nikakaanga kitunguu, nikatia nyanya mbili zilizobaki, nikatia majani, nikageuza. Maji sikutia, wala sikufunika. Yalipolainika nikamimina karanga nilizotwanga na kukoroga kwa maji kidogo, nikatia chumvi, nikaacha yatokote mpaka karanga zikaiva. Mkono wangu ulikuwa unawasha kwenda kuchukua mfuniko. Yule wa Morogoro akanipiga kofi mkononi.

Mchana wakakaa kula. Yule wa Kigoma alipoona kijani akafungua mdomo, nikamwambia, "Kula kwanza, utukane baadaye."

Akakata tonge, akachovya. Akakata lingine. Nilipopita na sufuria kuongeza, wanne walinyoosha sahani kwa mpigo, na mmoja akafuta sufuria kwa ukoko wa ugali.

Tajiri alimaliza, akanawa. "Na kesho yapo?"

"Hapana," nikamjibu. "Majani yanataka siku za kuchipua. Jumatatu."

Akanitazama. Akatoa simu, akasogea pembeni, nikamsikia akisema, "Yule mama mwambie asipande boti. Nina mpishi. Nileteeni karanga."

Nilikaa Goziba miaka sita. Matuta manne yakawa kumi na tisa, na kambi za jirani zikawa zinanunua mafungu kwangu. Niliporudi ng'ambo sikwenda tena Izimbya. Nilinunua sehemu Kagondo, bondeni kwenye unyevu, nikapanda matembele. Mwanzoni sokoni Bukoba wanawake wenzangu waliniuliza, "Waitu, ndugu yetu, haya ni ya sungura?" Nikawa napika sufuria ndogo nyumbani, naenda nayo, nawaonjesha. Sasa wananiuliza mbona leo nimechelewa.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne, bati jipya. Nina sehemu mbili za bonde, zote za matembele. Migomba thelathini na mitano, mizima. Mibuni kumi. Ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Baiskeli ya kubebea mafungu. Meza yangu sokoni. Nyungo sita za kuanikia.