Dada Aliyeingizwa, Wifi Aliyefutwa

Nyuma ya duka la vifaa vya shule, kwenye chumba chenye pazia jeupe na taa mbili za miguu mirefu, mpigapicha mmoja alikuwa amejipatia riziki kwa miaka kumi na mitano. Watu walimwita Bi Tabasamu, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Sifa yake ilikuwa kwenye kompyuta. Aliyefumba macho alimfumbua, mwenye kipara alimwotesha nywele, na aliyechelewa kufika alimsimamisha kati ya wenzake usijue kama hakuwepo. Sifa hiyo aliipenda, tusifichane.

Jumatatu moja asubuhi mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi aliingia bila hodi.

"Wewe ndiye uliyenitia kwenye picha ya mama?"

Bi Tabasamu alimtambua. Uso ule alikuwa ameuhangaikia saa nzima.

Siku tisa nyuma, Jumamosi, alikuwa ameipiga picha familia moja uani kwao, mama yao akitimiza miaka sabini. Mtoto wa mwisho, huyu muuguzi, hakuwepo. Kaka mkubwa, aliyegharimia picha, alimfuata Bi Tabasamu studio. "Mtie mdogo wangu. Picha yake ya harusini hii hapa. Na huyu mwanamke wa pembeni mtoe, ameshaachana na ndugu yangu." Bi Tabasamu hakuuliza mawili. Alimkata muuguzi kutoka harusini, akamgeuzia mwanga utoke kushoto, akampa kivuli. Wifi akafutwa, na mkono wake uliokuwa begani kwa mama ukafunikwa kwa kitambaa kilichonakiliwa kutoka bega la pili. Kaka akaibandika mtandaoni: *Wanawe wote tumemzunguka mama, Jumamosi saa tisa.*

"Jumamosi saa tisa nilikuwa zamu," muuguzi alisema. "Saa hiyo hiyo mgonjwa alianguka kitandani. Mimi nilikuwa chumba cha mwisho namgeuza mwingine. Sasa picha imefika kwa mkuu wa wauguzi. Wanasema nilisaini daftari nikaenda kwenye sherehe. Keshokutwa saa nne nakaa mbele yao."

Bi Tabasamu aliwasha kompyuta.

"Kaka hakuniuliza. Wewe hukuniuliza. Simu moja tu, ningekwambia niko kazini, usinitie."

"Ninayo ya asili," Bi Tabasamu alisema, na tayari vidole vyake vilikuwa kwenye kompyuta. Picha ikafunguka, tarehe na saa zikiwa zimehifadhiwa ndani yake: saa tisa na dakika kumi. Muuguzi hakuwemo. Wifi alikuwemo, na binti yake wa miaka minane amelishika gauni lake.

"Nitumie hiyo sasa hivi!"

Bi Tabasamu aliondoa mkono. "Huyu naye nilimfuta bila kumwuliza. Nikimpeleka ofisini kwenu bila kumwuliza, nimerudia kosa lile lile. Nipe mpaka jioni."

"Kazi yangu inaondoka, wewe unaniletea adabu!"

"Mpaka jioni, mdogo wangu. Nakuomba."

Kwanza alimpigia kaka mkubwa aiondoe picha mtandaoni. Kaka akawa mkali. "Picha ni yangu, nimeilipia."

"Umelipia kazi yangu. Sura ya mdogo wako hukuilipia. Na picha hiyo ndiyo inayomfukuzisha kazi."

Kaka akakata simu, kisha picha ikaondolewa. Lakini binamu wawili walikuwa wameshaichukua na kuibandika kwao, ikabidi wasakwe mmoja mmoja. Mmoja alikubali palepale. Wa pili alijibu siku ya tatu.

Wifi alikuwa fundi cherehani. Bi Tabasamu alimkuta anapinda suruali, na yeye hakuinua uso.

"Umekuja kunifuta mara ya pili?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na kuomba ruhusa."

"Unajua aliyeiona wa kwanza ni nani? Mwanangu. Kanionyesha kwenye simu ya baba yake. Kaniambia, 'Mama, nilikuwa nimekushika wewe.' Umemwachia mtoto ngumi iliyoshika hewa."

Bi Tabasamu alisubiri cherehani inyamaze, kisha akaeleza hatua kwa hatua: wifi yake, yule muuguzi, yuko matatani, picha ya asili ndiyo itakayoonyesha kuwa hakuwepo, itaonwa na watu watatu wa hospitali, Jumatano, kwenye kompyuta ya mkononi ya studio aliyokuja nayo, bila kutumwa kwa yeyote. "Ukikataa, sitakulaumu. Nitafunika sura zenu nyote wawili, wewe na mwanao, ila wanaweza kusema na hiyo nimeichezea."

"Nionyeshe kwanza."

Wifi akaisogeza kompyuta karibu na uso. Kwenye picha alikuwa bado anacheka na mama mkwe.

"Onyesha," alisema mwishowe. "Watatu tu. Uso wa mwanangu ufunike, na baba yake mwulize pia, mtoto si wangu peke yangu. Na mtu asipige picha kioo chako."

Baba mtoto alipigiwa, akakubali kwa masharti yale yale. Jioni muuguzi alipopewa habari aliketi kwenye kigoda cha wateja akalia bila sauti.

Jumatano, mbele ya mkuu wa wauguzi, daktari mmoja na ofisa utumishi, mambo hayakuwa mteremko.

"Mama," ofisa alimwambia Bi Tabasamu, "kompyuta iliyodanganya jana ndiyo hii inayosema kweli leo?"

Muuguzi alikuwa amekunja mikono mapajani. Bi Tabasamu alifungua faili la kazi, ambamo kila kilichoongezwa kimekaa juu ya picha kama karatasi angavu. Akaizima karatasi moja: muuguzi akapotea. Akaiwasha: akarudi. Kisha akaweka pembeni picha ya harusini. Hereni zile zile, shingo imeinama vile vile. Alikuja na kamera pia, wakailinganisha saa yake na ya ukutani.

"Na huyu aliyefunikwa?" mkuu wa wauguzi aliuliza.

"Mtoto. Wazazi wake wameniruhusu niwaonyeshe hivyo, sina ruhusa ya zaidi."

Daktari akainama. "Nani alikutuma kumwongeza huyu?"

"Kaka yake. Lakini mkono ulikuwa wangu. Sikumwuliza mwenye sura."

Walitolewa nje. Walikaa dakika ishirini kwenye benchi la korido. Walipoitwa, shtaka la utoro lilikuwa limefutwa. Suala la mgonjwa kuanguka lingeendelea kuchunguzwa, lakini kwa wote waliokuwa zamu. Muuguzi alitoka na kazi yake. Bi Tabasamu hakupewa asante, na hakuidai.

Siku chache baadaye, sebuleni kwa mama, kaka mkubwa alitaka kuibandika ile ya asili, yaishe. Safari hii Bi Tabasamu alimpa masharti: kila aliyemo aulizwe. Wifi akajibu kwa simu, "Ukutani kwa mama mkwe, sawa. Mtandaoni, hapana." Kaka akapendekeza basi mama akatwe abaki peke yake, aibandike hiyo.

Mama, aliyekuwa amekaa hapo hapo sebuleni, akavua miwani.

"Na mimi nani aliniuliza, ile ya kwanza?"

Kaka akaweka simu mezani.

"Siku ile nilikuwa na mkwe wangu begani. Mkanivisha kitambaa. Usibandike kitu. Mwite mdogo wako aje umwombe msamaha uso kwa uso."

Kaka alimwita, akamwomba, ingawa muuguzi hakumjibu upesi.

Siku hizi anayetaka mtu aongezwe au atolewe hupewa simu ampigie mhusika mbele ya Bi Tabasamu, aeleze picha ipi, inabadilishwa nini, na itabandikwa wapi. Wiki iliyopita bwana mmoja alikasirika, akachukua bahasha yake akaenda kwa mpigapicha wa mtaa wa pili. Bi Tabasamu alimfungulia mlango.